Domeini inafunguka kwa bando la simu, inagoma kwa waifai ya vocha: nani ameona hii Mwanza?

DagaaKirumba
Wakuu, habari za jioni. Nauza dagaa wa jumla hapa Kirumba Mwaloni, na oda za mbali nyingi huingia kwa websaiti yetu na kwa imeili ya domeini hiyo hiyo. Mwanzoni mwa wiki tulihama hostingi. Domeini tumeiacha kwa msajili wake wa zamani, tukabadilisha nemseva tu zielekee kampuni mpya.

Siku za kwanza hakuna aliyelalamika, isipokuwa mteja mmoja aliyesema bei anazoziona ni za mwezi uliopita. Tangu jana asubuhi mambo yameharibika. Mimi kwa bando la simu naifungua bila shida. Mdogo wangu, meza moja na mimi, akitumia waifai ya vocha anapata `ERR_NAME_NOT_RESOLVED`. Nikiichukua simu yake nikazima waifai, inafunguka. Mteja wa Dar anaiona, wa Bukoba haioni. Hostingi mpya wamenitumia picha ya kioo kuonyesha kwamba kwao ni nzima. Kuna jirani amesema kampuni ya mtandao imetufungia.

Jina halisi nimelificha, naandika example.com. Naombeni msaada, maana huu ni msimu wa oda.

Fundi_Igoma
Dada, hiyo ni kawaida ukibadilisha nemseva. Kila risova, yaani seva inayokutafutia anwani ya jina la domeini, ina kashe yake ya majibu iliyokwisha kupata, nyingine zimeshapata taarifa mpya na nyingine bado. Kwa .com rekodi za nemseva zinashikwa hadi saa 48. Subiri wikiendi ipite, usiguse kitu. Ukiendelea kubadilisha badilisha ndiyo utaivuruga.

mama_nansio
Pole mdogo wangu. Hata mimi ya shule yetu huku Ukerewe ilikuwa inaandika kwamba si salama, watu wakaogopa kuifungua. Tulilipia cheti cha SSL kikaisha. Angalia tarehe ya cheti chako.

DagaaKirumba
Asante mama. Yetu haifiki hata kwenye onyo la cheti, brauza inasema jina lenyewe halijulikani. Ila umenikumbusha kitu: hostingi mpya walijaribu kutoa cheti kipya jana kikakataa. Wamenipa ujumbe huu, sijui kama unahusiana:

```
DNS problem: SERVFAIL looking up A for example.com
- the domain's nameservers may be malfunctioning
```

Nyakahoja_Net
Unahusiana sana, na unatosha kuniambia pa kuanzia.

Fundi, hoja yako ya kashe ina ukweli ndani yake na nitairudia. Lakini risova yenye taarifa za zamani hutoa jibu la zamani. Mteja angepelekwa kwenye seva ya zamani, kama yule aliyeona bei za mwezi uliopita. Hapa mtu hapelekwi popote. SERVFAIL maana yake risova imejaribu, ikafika mahali ikashindwa au ikakataa kutoa jibu.

Dada, una kompyuta yenye `dig`, programu ya kuuliza DNS? Kama huna, mwambie jamaa wa hostingi akuendeshee hizi mbili na ubandike matokeo hapa. Ya pili inatofautiana na ya kwanza kwa neno moja tu, usiliache:

```
dig example.com @8.8.8.8
dig +cd example.com @8.8.8.8
```

Ruta_Buzuruga
Mimi nauza waifai ya vocha Buzuruga na nina wateja hadi Mwaloni, inawezekana mdogo wako yuko kwenye mtandao wangu. Sijaifungia websaiti ya mtu yeyote. Ruta zangu zote za MikroTik nimeziwekea DNS 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare kwa sababu risova ya kampuni inayoniuzia laini ilikuwa inalala lala usiku. Wenzangu wengi wa biashara hii nimeona wanaweka hivyo hivyo. Sasa nikijaribu domeini nyingine zote zinafunguka. Kwa nini hii moja tu?

DagaaKirumba
Kijana wa hostingi ameendesha. Nimefupisha:

```
$ dig example.com @8.8.8.8
;; ->>HEADER<<- opcode: QUERY, status: SERVFAIL
; EDE: 9 (DNSKEY Missing)

$ dig +cd example.com @8.8.8.8
;; ->>HEADER<<- opcode: QUERY, status: NOERROR
example.com.   300   IN   A   192.0.2.41
```

Hiyo 192.0.2.41 ndiyo seva yetu mpya. Kwa hiyo Google wanaijua anwani yetu, ila hawataki kuitoa?

Nyakahoja_Net
Umesema sawasawa. Wanaijua na wanakataa kuitoa. Neno `+cd` linaiambia risova iache kuhakiki saini na itoe ilichopata. Kinachoshindwa bila `+cd` kikapita ukiiweka, hapo tatizo ni DNSSEC, ule utaratibu wa kusaini majibu ya DNS, na si mtandao, si seva, wala si mtu kukufungia. Kipimo hicho ndicho ninachoanza nacho kila mara.

Ruta, jibu lako ndilo hilo. 8.8.8.8 na 1.1.1.1 zote mbili zinahakiki saini. Kuna risova za kampuni za simu ambazo hazihakiki, zinachukua jibu na kulipitisha. Kama unataka kujua risova yoyote iko upande gani, iulize `dnssec-failed.org`. Hiyo ni domeini iliyoharibiwa saini kwa makusudi kwa ajili ya kupima. Ikileta SERVFAIL, risova yako inahakiki. Ikileta anwani, haihakiki.

Sasa tutafute kilichovunjika. Dada, mwambie kijana aendeshe hizi. Ya kwanza inauliza seva za .com zenyewe, ya pili inauliza nemseva zenu mpya moja kwa moja, hakuna kashe katikati:

```
dig +short DS example.com @a.gtld-servers.net
dig +short DNSKEY example.com @ns1.example.net
```

Badala ya ns1.example.net aweke nemseva yenu mpya.

Ruta_Buzuruga
Nimepima. Kwa 8.8.8.8, `dnssec-failed.org` SERVFAIL. Kwa laini ya simu yangu inaleta anwani. Kumbe ndiyo maana mteja akilalamika nikampa hotspoti ya simu yangu inafunguka, inaonekana ruta yangu ni mbovu.

DagaaKirumba
Majibu haya. Ya kwanza imetoa mstari mmoja, ya pili haikutoa kitu kabisa, imerudi tupu:

```
$ dig +short DS example.com @a.gtld-servers.net
48217 13 2 5C0E91...

$ dig +short DNSKEY example.com @ns1.example.net
$
```

Nyakahoja_Net
Basi tumelipata. Nalieleza polepole kwa sababu kuna watu watakuja kusoma huu uzi wakiwa na shida hiyo hiyo.

Hostingi yenu ya zamani ilikuwa inasaini domeini yenu, pengine iliwashwa siku ya kwanza na hakuna aliyewaambia. Ikisaini, alama ya ufunguo wake hupelekwa kwa msajili, na msajili huiweka .com. Hiyo ndiyo rekodi ya DS mnayoiona: ufunguo namba 48217, algorithimu ya 13. Ni kama kadi ya saini ya mfano ambayo benki hukaa nayo: kila hundi inayokuja lazima ifanane nayo.

Mlipohama, mlibadilisha nemseva, lakini DS ikabaki .com pale pale. Nemseva mpya hazisaini chochote, hazina hata ufunguo mmoja, yaani DNSKEY. Risova inayohakiki ikifika .com inaambiwa: hii domeini imesainiwa, dai ufunguo 48217. Inakwenda kwenye nemseva mpya kudai, inaambiwa hakuna ufunguo. Haiwezi kutofautisha kati ya ninyi mliohama na tapeli aliyeiteka domeini na kuvua saini, kwa hiyo inakataa. Imefanya kazi yake ipasavyo. Risova isiyohakiki haiulizi habari za DS hata kidogo, ndiyo maana bando lako linafungua.

Zingatieni kwamba domeini isiyo na DS kabisa na isiyosainiwa ni halali, inafunguka kote. Kinachoua ni DS ipo juu na ufunguo wake haupo chini.

Fundi_Igoma
Nimekuelewa mkuu, lakini bado kuna kitu hakikai. Kama DS na ufunguo havikulingana tangu siku ya kuhama, ingekufa siku ile ile. Mbona siku za kwanza ilikuwa nzima?

Nyakahoja_Net
Swali zuri, na hapa ndipo kashe yako inapoingia.

Baada ya kuhama, nemseva za zamani hazikuzimwa papo hapo. Risova zilizokuwa na nemseva za zamani kwenye kashe ziliendelea kwenda kule, na kule zilipewa majibu ya zamani yenye saini sahihi ya ufunguo 48217. DS inalingana, uhakiki unapita, mteja anafika kwenye websaiti ya zamani. Huyo ndiye mteja aliyeona bei za mwezi uliopita. Kila risova kashe yake ilipoisha ikahamia nemseva mpya, na pale pale ikaanza kukataa. Ndiyo maana ubovu ulikuja kidogo kidogo, mji huu leo na mji ule kesho. Watu wakiona hivyo wanasema kuhama hakuhusiki kwa sababu kulipita salama, na wanaanza kupekua ruta.

Kwa hiyo, Fundi, kusubiri kungefanya kinyume cha ulichotarajia. Wale wachache waliokuwa bado wanafungua kupitia kashe wangekwisha pia. Kashe ikiisha kote, risova zote zinazohakiki zinakufa na zinabaki hivyo mwaka mzima, mpaka mtu aiguse DS.

Fundi_Igoma
Sawa, hapo nimekubali. Basi dada, ingia paneli ya hostingi mpya uzime DNSSEC.

Nyakahoja_Net
Huko imeshazimwa, Fundi, ndiyo shida yenyewe. Paneli ya hostingi mpya haina uwezo juu ya DS. DS iko kwa msajili. Dada aingie kwenye akaunti aliyonunulia domeini, sehemu ya DNSSEC au DS, aifute hiyo 48217. Kama hakuna sehemu hiyo, aandikie huduma kwa wateja kwa maneno haya: ondoeni rekodi ya DS ya example.com kwenye .com, ufunguo 48217. Akisema tu kwamba websaiti haifunguki watamrudisha kwa hostingi, na hostingi watamrudisha kwao.

MsomiNyegezi
Samahani wakubwa, mimi niko chuo hapa Nyegezi, naomba kupinga kidogo. Kwa nini tufute ulinzi? Hostingi mpya wakiwasha DNSSEC, watatoa ufunguo mpya na DS yake. Dada ampe msajili DS mpya badala ya ile ya zamani. Matokeo ni yale yale na domeini inabaki imesainiwa.

Nyakahoja_Net
Njia yako ni halali kabisa. Ila tahadhari mbili. Kuwasha saini kule hostingi mpya peke yake hakutibu kitu, maana ufunguo utakuwa mwingine, hauwezi kulingana na 48217. Lazima DS ibadilike pia. Pili, ukikosea kunakili DS, herufi moja tu, umerudi pale pale, na huyu ana oda zinazosubiri. Mimi kwa mtu aliye gizani tayari huwa nafuta kwanza, biashara irudi, ndipo tuzungumze kusaini upya kwa utulivu.

Muda wa kusubiri haubadiliki kwa njia yoyote. DS ya .com inashikwa kwenye kashe hadi sekunde 86400, yaani saa 24, tangu risova ilipoichukua mara ya mwisho.

MsomiNyegezi
Kama muda ni ule ule basi mimi bado nasema aibadilishe, asiifute. Watu wakifuta hawarudi tena kusaini. Paneli nyingi hukupa DS ya kunakili na kubandika, huandiki kwa mkono. Slack mwaka 2021 walikuwa na tatizo la namna hii na walilolifanya kwa haraka ndilo lililowaumiza.

Nyakahoja_Net
Mfano wa Slack unasaidia, ila unaonyesha jambo jingine. Septemba 30, 2021 waliwasha DNSSEC, wakaona hitilafu kwa baadhi ya watumiaji, wakaondoa DS na kuacha kusaini. Risova zilizokuwa bado zina DS kwenye kashe zikawa zinadai saini ambazo hazipo tena. Yaani walivua saini kabla DS haijaisha kwenye kashe za watu. Utaratibu wa kuhama unafuata somo hilo: kwanza ondoa DS ukiwa bado uko kwa hostingi ya zamani inayosaini, subiri zaidi ya saa 24, ndipo ubadilishe nemseva. Ukimaliza, saini upya na upeleke DS mpya. Kuna njia ya kuhama bila kuvua saini, ambapo hostingi mbili zinatangaza funguo za kila mmoja, lakini hostingi za bei ya kawaida hazikupi nafasi hiyo.

Kuhusu wasiorudi kusaini, hapo una hoja.

Kemondo77
Wakuu, naomba kuchomekea, huenda yangu ni ileile. Niko Kemondo, nina Raspberry Pi ofisini inayoendesha Unbound kama risova ya kompyuta zetu. Kila umeme ukikatika kwa muda mrefu ukirudi, karibu kila kitu kinaleta SERVFAIL, Google, benki, kila kitu. Baada ya muda huwa naianzisha upya nikahangaika hadi ikakaa sawa. Nami nikafute DS?

Nyakahoja_Net
Hapana kaka, usifute chochote. Yako ni nyingine. Dada domeini moja inakataliwa na risova nyingi. Wewe domeini nyingi zinakataliwa na risova moja, yako. Kosa liko upande wako.

Raspberry Pi nyingi hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika, ikiwaka inaanza na tarehe ya nyuma. Kila saini ya DNSSEC ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kwa saa yako ya nyuma saini za leo bado hazijaanza. Hata saini za mzizi wa DNS wenyewe zinaonekana si halali, kwa hiyo hakuna kinachopita. Likirudia hilo tatizo andika `date` kabla hujagusa kitu.

Kemondo77
Ina NTP ya kurekebisha saa kwa mtandao, mbona haijirekebishi?

Nyakahoja_Net
NTP yako imeandikwa kwa jina au kwa IP? Kama ni jina, inaiuliza Unbound hilo jina, Unbound inakataa kwa sababu saa si sahihi, na saa haisahihishwi kwa sababu Unbound imekataa. Vimekamatana. Ingiza angalau seva moja ya NTP kwa IP, au nunua moduli ndogo ya saa yenye betri.

MsomiNyegezi
IP ya NTP ya mtu ikibadilika atakwama tena bila kujua. Moduli ni bora.

Ruta_Buzuruga
Mimi narudi kwangu. Nikiweka 8.8.8.8 ya kwanza na risova ya kampuni ya laini ya pili, si wateja wangefungua zote?

Nyakahoja_Net
Kifaa kikipata SERVFAIL kwa ya kwanza, mara nyingi hujaribu ya pili, kwa hiyo ndiyo, ingefunguka, ila kwa kuchelewa. Lakini umeondoa maana ya kuhakiki. Siku mtu akighushi kweli anwani ya benki iliyosaini domeini yake, 8.8.8.8 itaikataa na risova ya pili itampeleka mteja wako huko huko. Sikushauri.

Ruta_Buzuruga
Mkuu naheshimu, ila mteja aliyelipa vocha hajui hayo. Anajua tu kwamba kwa jirani inafunguka. Nitafikiria.

DagaaKirumba
Nimerudi. Msajili alinijibu mara mbili kwamba niwasiliane na hostingi. Nilipowatumia yale maneno ya Nyakahoja pamoja na namba 48217 walielewa hapo hapo na kuiondoa. Kijana ameuliza seva ya .com, sasa DS inarudi tupu. Lakini kwa waifai bado inagoma.

Nyakahoja_Net
Upande wako umekwisha, zimebaki kashe. Google wana ukurasa wa kufuta kashe, `dns.google/cache`: andika domeini, chagua aina ya rekodi DS, kisha rudia kwa DNSKEY na A. Cloudflare nao wanao, `one.one.one.one/purge-cache`. Hizo mbili zitamaliza waifai za akina Ruta. Risova nyingine huna mkono nazo, zitaisha zenyewe ndani ya saa 24.

Cheti nacho waombe hostingi wajaribu tena. Let's Encrypt wanahakiki DNSSEC, ndiyo maana walikataa.

DagaaKirumba
Waifai imefunguka! Mdogo wangu ameiona, na cheti kimetoka. Mteja wa Bukoba bado. Imeili nazo zimeanza kuingia kwa mkupuo, kuna oda ya juzi ya Lubumbashi imefika sasa hivi. Nilidhani zimepotea.

Nyakahoja_Net
Hazikupotea kwa sababu SERVFAIL huhesabiwa kuwa hitilafu ya muda. Seva ya mtumaji ikikosa jibu la DNS huiweka imeili kwenye foleni na kujaribu tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Ila waandikie wateja wakubwa, kuna seva zinazokata tamaa mapema. Wa Bukoba mpe hadi kesho jioni. Kama bado, mwambie aulize `dig DS example.com` kwa risova yake: ikionyesha 48217, namba iliyo kabla ya `IN` ni sekunde zilizobaki.

DagaaKirumba
Nawashukuru sana. Hostingi mpya wameniuliza kama wawashe DNSSEC. Nimsikilize Msomi?

MsomiNyegezi
Washa dada. Mwaloni mnapokea malipo ya watu, mtu asiweze kughushi anwani yenu. DS ninaweza kukusaidia kuikagua kabla haijaenda kwa msajili.

Fundi_Igoma
Mimi ningeacha. Mwakani atahama tena hostingi, na nani atakayekumbuka kuondoa DS kwanza?

Nyakahoja_Net
Kwa sasa usiwashe chochote mpaka wa Bukoba afungue. Baada ya hapo, waulize hostingi swali moja: wao wakibadilisha funguo, DS itasasishwa na nani? Kama wanajua CDS, rekodi ambayo nemseva hutangazia DS mpya, na msajili wako anaisoma, washa. Kama jibu ni kwamba utabadilisha wewe kwa mkono, mimi na Msomi hatutakubaliana.

Kemondo77
`date` yangu inasema mwezi wa pili. Naenda kutafuta moduli.